"Procure" kwenye mkataba si kununua tu

"Wakuu, nina duka la vifaa vya ofisi hapa Dodoma, nataka kuanza kuomba zabuni. Makaratasi ya Kiingereza yana buy, purchase, acquire na procure, na kamusi yangu yote inayaita kununua. Lipi ni la risiti, lipi la mkataba, lipi la tangazo?"

Mkuu, la duka ni jepesi. "Buy" ni la mdomoni. Kwenye risiti na oda huandikwa "purchase", ndiyo ile P ya katikati kwenye LPO unazoletewa na wateja wa maofisini.

Tangazo la zabuni hutumia "procure" kwa sababu linabeba safari nzima: kupanga mahitaji, kutangaza, kutathmini, kusaini, kupokea na kulipa. Ndiyo maana hata ujenzi na huduma ya ulinzi vimo. Ukiingia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, utakuta anayetangaza anaitwa taasisi nunuzi. Kiswahili chetu kinasema ununuzi kwa yote hayo, na hapo ndipo tunapoteleza tukifika kwenye mkataba.

Mimi niliteleza. Nina karakana Kizota, na niliwahi kusaini mkataba wa Kiingereza wa madawati 120 ya kupeleka upande wa Kongwa. Lori alilitafuta mteja mwenyewe. Kifungu kimoja kilisema mimi "shall procure that the transporter delivers" kabla ya tarehe 30 Juni. Nikasoma "procure", nikaona ni kununua, na kwa kuwa sikuwa na cha kununua hapo, nikapita. Madawati yalikuwa tayari wiki nzima kabla, yamepangwa ukutani. Lori likachelewa siku 4, na makato ya siku 4 yakatolewa kwenye malipo yangu.

Kumbe "procure that" ni kuhakikisha mtu mwingine anatenda. Asipotenda, unayeulizwa ni wewe, hata kama hukumchagua. Kwa hiyo tazama neno linalofuata. Likiwa jina la kitu, mfano viti au karatasi, maana ni kukipata. Ikifuata "that", umebeba dhamana ya mwenzako. Mimi siku hizi naomba kifungu hicho kiandikwe upya: wajibu wangu uishie mzigo unapopakiwa kwenye lori la mteja.

"Acquire" ni kupata umiliki, bila kutaja njia. Aliyerithi kapata, aliyepewa kapata. Hata serikali ikitwaa eneo kwa ajili ya mradi, Kiingereza ni hicho hicho, na tunayo Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967. Ukiuziana kiwanja na mtu, "acquire" peke yake haionyeshi kuwa kuna pesa iliyotoka. Andika "purchase", taja bei kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya malipo.

Ukipata rasimu yako ya kwanza, bandika hapa kifungu chenye "procure", ufute jina la mteja, nami nitakuangalizia.