Maswali na majibu: cc, lita na hesabu zinazowapoteza wanunuzi

Pikipiki ya cc 125 ni lita ngapi?

0.125. cc ni sentimita za ujazo, na lita moja ni cc 1,000, basi gawanya kwa 1,000. Swali hili linarudi kila mara, na halitajibiwa tena.

Gari la 1.5 na pikipiki ya 150, si ni kitu kilekile? Zote ni kumi na tano.

Si kitu kilekile. 150 ni cc, yaani lita 0.15, na 1.5 ni lita, yaani cc 1,500. Gari limeizidi pikipiki mara kumi. Kabla ya kulinganisha, ziweke zote kwenye cc. Nukta ya desimali ikikosewa kwenye cc utaishtukia upesi, lakini kati ya 0.15 na 0.015 watu wengi hupita bila kuona.

Pikipiki yangu imebandikwa 150 lakini kadi inasema 144.8. Gari langu ni 1.5 na kadi inasema 1496. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Namba ya ubavuni ni jina la biashara, ya kwenye kadi ndiyo ujazo. Unaweza kuihakiki mwenyewe kwa kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, vyote vikiwa sentimita.

Tuseme pikipiki ina kipenyo cha mm 56 na mwendo wa mm 58.8. Nusu ya kipenyo ni sm 2.8. Zidisha 2.8 kwa 2.8 upate 7.84, mara 3.1416 ni 24.63, mara 5.88 ni cc 144.8. Ukisahau kugawa kipenyo kwa mbili utapata cc 579, mara nne ya ukweli. Ukiona pikipiki ndogo imetoka na cc mia tano na ushei, kosa ni hilo.

Injini ya Toyota 1NZ-FE ina kipenyo cha mm 75 na mwendo wa mm 84.7. Kila silinda hutoa cc 374.2, na zikiwa nne unapata 1,496.8. Karatasi za Japani hukata desimali na kuandika 1496, kwingine huikweza hadi 1497. Injini ni ileile, kwa hiyo msigombane na muuzaji kwa cc moja.

Fundi amechonga silinda na kuweka pistoni ya 0.50. Anasema 150 yangu sasa ni kama 200. Kweli?

Uongo. 0.50 ni nusu milimita ya kipenyo. Chukua pikipiki ya hapo juu: kipenyo kimekuwa mm 56.5, ujazo ni cc 147.4. Umeongeza cc 2.6. Nguvu unayoihisi ni kompresheni iliyorudi baada ya kutoa pistoni na ringi zilizochakaa. Fundi huyo mlipe kwa kuchonga, si kwa cc.

Pikipiki ya lita moja ina nguvu kuliko gari la lita moja? Rafiki yangu anabisha kwamba lita ni lita.

Rafiki yako yuko sahihi kuhusu ujazo tu. Yamaha YZF-R1 ina cc 998 na nguvu farasi zipatazo 200. Toyota 1KR-FE ya magari madogo ina karibu cc hizohizo na nguvu farasi zipatazo 70.

Torki zao, yaani nguvu ya kuzungusha, hazipishani sana: R1 ina Nm 112 hivi, gari Nm 93 hivi. Kinachozitenganisha ni mizunguko. R1 hufikia kilele cha nguvu kwenye mizunguko 13,500 kwa dakika, gari kwenye 6,000. Nguvu ni torki mara mizunguko, kwa hiyo anayezunguka zaidi ya mara mbili huchoma hewa na mafuta zaidi ya mara mbili kwa dakika.

Na gari haliwezi kuiga. Mwendo wa pistoni ya R1 ni mm 50.9, wa 1KR-FE ni mm 84. Ukiizungusha 1KR-FE hadi 13,500, pistoni zake zitakimbia kwa wastani wa mita 38 kwa sekunde, wakati za R1 hukimbia 23. Konrodi zitakatika kabla hujafika huko. Ndiyo maana kumchagulia mtu chombo kwa cc peke yake ni uzembe: uliza torki inakuja kwenye mizunguko mingapi. Anayebeba mzigo anaihitaji chini.

Tangi la pikipiki yangu ni lita 12. Injini ni cc 12,000?

Hapana. Hayo ni mafuta. Angalia kadi.