Karatasi tatu si kura tatu: kwa anayeanza kutafsiri vipeperushi vya mpiga kura

Asasi nyingi za Kigoma hupokea kipeperushi cha elimu ya mpiga kura kikiwa kwa Kiingereza, kwa sababu mfadhili anataka kukisoma kwanza. Kazi yako ni kukifanya kieleweke na mama anayeuza dagaa Kibirizi na kijana wa Kibondo aliyetimiza miaka 18 juzi. Kabla ya kugusa sentensi yoyote, tafuta karatasi ya kura ya mfano na maelekezo ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka husika, uyaweke mezani. Tume ndiyo inayoratibu na kusimamia utoaji wa elimu ya mpiga kura nchini, na pale ambapo imeshatumia neno fulani, lako ni kulifuata. Ukileta neno zuri zaidi, msomaji atakutana na maneno mawili kwa kitu kimoja siku ambayo hana muda wa kuuliza.

Tuchukue sehemu moja tu ya kipeperushi, ile ya kuweka alama, maana humo ndimo kura nyingi hupotea. Rasimu ya kwanza ya mtafsiri mgeni huwa hivi:

"Utapewa kura tatu. Chagua mgombea unayemtaka kwa kuweka alama kwenye sanduku lililo mbele ya jina lake."

Kisarufi haina kosa. Ina mitego minne.

Wa kwanza ni "kura tatu". Kwa Kiswahili, kura ni ile sauti yako inayohesabiwa, na pia ni karatasi unayopewa. Anayesikia "kura tatu" ana haki ya kuelewa kwamba ana sauti tatu, hivyo anaweza kuwapa watu watatu kwenye karatasi moja, kila mmoja sauti yake. Hajakosea yeye, sentensi ndiyo iliyomwambia hivyo. Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania Bara mpiga kura hupewa karatasi ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Kwa hiyo andika "karatasi tatu za kura", kisha utaje kila moja. Ukishaamua hivyo, shikilia mpaka ukurasa wa mwisho. Usije ukaandika "kunja kura yako" mahali unapomaanisha karatasi.

Wa pili ni "alama". Huku kwetu alama ni vitu vingi. Mkulima wa tumbaku aliyezoea kusaini fomu za chama cha msingi kwa dole gumba ataona dole gumba nalo ni alama. Tume hutumia alama ya vema (√), basi sema vema na uichore kubwa, isipungue urefu wa herufi mbili. Kuna jambo jingine linalosahaulika. Shuleni vema ni "umepata" na X ni "umekosa". Wapo watakaompa vema wanayemtaka na kuwapigia X wote waliobaki, wakidhani wanasisitiza. Karatasi ya namna hiyo inamwachia anayehesabu kazi ya kuamua mpiga kura alikusudia nini, na hapo mawakala huanza kuvutana. Sentensi fupi inazuia yote hayo: "Usiandike wala kuchora kitu kingine chochote." Na kama kiolezo kilitoka nchi nyingine na kinaelekeza kuweka X, usikitafsiri kilivyo. Badilisha, kisha umwandikie mfadhili sababu yake.

Wa tatu ni "sanduku". Kituoni kuna sanduku halisi, lile la kutumbukizia karatasi. Ukiita sanduku pia ile nafasi ndogo iliyochapwa kwenye karatasi, umeelekeza watu wakaweke vema kwenye plastiki. "Kisanduku" hakisaidii sana, kwa sababu kinaposomwa kwa kipaza sauti ile "ki-" humezwa. Kama maelekezo ya Tume uliyonayo yana jina la nafasi hiyo, litumie. Kama huna, "mraba mtupu" unaeleweka, hasa ukiwa umechorwa pembeni.

Wa nne ni "mbele ya". Mbele ya jina ni kulia au kushoto? Anayesoma kutoka kushoto anaweza kudhani ni kabla ya jina, mwingine akadhani ni baada yake. Tazama karatasi ya mfano, uone mraba uko upande gani, useme hivyo hivyo. Na kwa kuwa wapo wasiosoma majina, taja picha pia.

Ukimaliza, sehemu hiyo itasomeka hivi, ukiongeza upande wa mraba uliouona kwenye karatasi ya mfano:

"Utapewa karatasi tatu za kura: moja ya Rais, moja ya Mbunge, moja ya Diwani. Kwenye kila karatasi, weka vema (√) moja tu, ndani ya mraba mtupu ulio kwenye mstari wa picha na jina la mgombea mmoja. Usiandike wala kuchora kitu kingine chochote."

Maneno yameongezeka zaidi ya mara mbili. Mfadhili atalalamika kuhusu nafasi. Punguza picha ya jalada, usipunguze hizo sentensi.

Sasa sentensi inayofuata, ile ya kukosea. Humu mtafsiri hushindwa kwa sababu Kiswahili cha vyombo vya habari kimeshalichukua neno analolitaka. Mpiga kura aliyekosea kabla ya kutumbukiza karatasi anaweza kuirudisha kwa msimamizi wa kituo akapewa nyingine. Ile ya kwanza inawekwa kando kama karatasi iliyoharibika. Kura iliyokataliwa ni kitu tofauti kabisa: hiyo imeshaingia sandukuni, ikaonekana wakati wa kuhesabu kwamba haifai. Lakini redioni, matokeo yanapotangazwa, mara nyingi husikika "kura zilizoharibika" kwa maana ya hizi za pili. Ukiandika "Ukikosea, kura yako itaharibika", msomaji anaelewa kwamba mambo yamekwisha, na aliyeteleza kalamu ataitumbukiza hivyo hivyo kwa aibu. Kwenye kipeperushi liache kabisa neno "haribika" ueleze tendo: "Ukikosea, usitumbukize karatasi kwenye sanduku. Irudishe kwa msimamizi wa kituo, utapewa nyingine. Ukishaitumbukiza, haiwezi kubadilishwa." Na uandike "msimamizi wa kituo" kwa ukamilifu. "Msimamizi wa uchaguzi" ni mtu mwingine, yuko ngazi ya jimbo, hutamkuta kwenye chumba cha darasa mnachopigia kura.

Utaona pia kwamba "anaweza" ni neno la hatari. "Mpiga kura asiyeona anaweza kuja na mtu wa kumsaidia" inasikika kama inazungumzia uwezo wake, au kama bahati. Kama ni haki, andika "anaruhusiwa" au "ana haki". Kama ni sharti, andika "lazima". Pitia maandishi yote na kalamu nyekundu, uzungushie kila "anaweza", ujiulize ni lipi kati ya hayo. Kazi hiyo haizidi dakika 20.

Saa usizitafsiri, zihesabu. Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Kiolezo kitakuwa na 7 na 4, na rasimu zimewahi kuonekana na "saa 7:00 asubuhi", saa ambayo haipo kwa Mswahili. Ongeza kwamba aliye kwenye foleni ifikapo saa 10:00 atapiga kura, maana watu huondoka wakiona jua limeshuka.

Kutoegemea upande ni kazi ya macho kuliko ya kamusi. Mchoraji akiambiwa achore raia wa kawaida wa Kigoma atachora mkulima ameshika jembe. Jembe na nyundo viko kwenye nembo ya CCM. Akichora kijana mwenye furaha ameinua vidole viwili, hiyo ni ishara ya CHADEMA. Akipamba kwa zambarau kwa sababu mashine ilikuwa na wino huo, mtu wa Ujiji ataona ACT-Wazalendo kabla hajasoma herufi moja. Kijani na njano nazo zinajulikana. Nyeusi kwenye karatasi nyeupe inatosha, na ni rahisi kuchapa. Kwa karatasi ya mfano usitunge vyama vyenye majina mazuri. Tumia vitu vya jikoni, kama kikombe, sufuria na mwiko, ila kwanza vilinganishe na nembo za vyama vyote vyenye usajili. Vema ya mfano isikae kila mara kwenye jina la juu. Ukiwa na michoro mitatu, iweke mahali patatu tofauti.

Katika maneno, kinachoponyoka ni sifa. "Chagua kiongozi atakayeendeleza maendeleo" inamnadi aliyepo madarakani. "Chagua kiongozi wa kuleta mabadiliko" inamnadi anayetaka kumng'oa. Zote mbili huingia kwa nia njema, kwa kawaida kwenye jalada, pale mtu anapotafuta sentensi tamu. Kipeperushi cha utaratibu hakihitaji kusema kiongozi awe wa aina gani. "Jinsi ya kupiga kura" ni kichwa cha kutosha.

Kabla ya kuchapa, jaribu na watu wasiopungua sita wasiohusika na asasi yenu: wawili wazee, wawili vijana wanaopiga kura kwa mara ya kwanza, wawili wasiosoma ambao utawasomea. Usimwulize mtu "umeelewa?", kwa adabu tu atakujibu ndiyo. Mpe karatasi tatu za mfano na kalamu, mwambie, "Naomba unionyeshe." Kisha nyamaza. Wawili wakikosea mahali pamoja, sentensi hiyo ina kasoro, iandike upya na utafute watu wengine, kwa maana wale wa kwanza wameshafundishwa na jaribio lenyewe. Anayeshika kalamu muda mrefu juu ya karatasi bila kuandika naye umhesabu, hata kama mwishoni amepatia.

Kisha mpe sehemu hiyo yule atakayetangaza kwa spika kwenye gulio, Kasulu au kwingineko, ambaye ataigeuza kwa Kiha papo hapo. Mwombe aitangaze kwako wewe kwanza, na awepo msemaji mwingine wa Kiha wa kukurudishia kwa Kiswahili alichosikia. Sikiliza mambo mawili tu: idadi ya vema kwa kila karatasi, na nini kinafanyika mtu akikosea. Likirudi "kura tatu", rudi naye kwenye sentensi ya kwanza.