Kitufe cha lifti hakielezi idempotensi

Wiki iliyopita nilikaa kwenye jopo la usaili wa watu wa bakendi. Meneja wa fedha aliwauliza vijana watatu, mmoja baada ya mwingine, swali lile lile: "Mteja akibonyeza Lipa, mtandao ukakatika, akabonyeza tena, tutamkata mara mbili?" Jibu lake ni idempotensi, yaani ombi moja likirudiwa matokeo yanabaki ya mara moja, na wote watatu wakaielezea kwa kitufe cha lifti: bonyeza mara kumi, lifti inakuja mara moja. Wadogo zangu, mfano huo nimewahi kuutumia, na ulinikosesha kazi niliyoitaka sana.

1. Lifti iacheni. Usaili wangu ulikuwa kwenye kampuni iliyouza umeme wa LUKU kwa simu. Aliyeniuliza alikuwa mama wa uendeshaji, mtulivu, asiyejua kuandika kodi ya programu hata mstari mmoja ila anayewajua wateja wake vizuri. Nikamwelezea lifti kwa ufasaha kabisa. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Sasa mwanangu, mteja akinunua umeme wa 5,000, akaona hautoshi, baada ya dakika mbili akanunua tena wa 5,000 kwa mita ile ile. Huo wa pili mfumo utaumeza?"

Kwa mfano niliompa, jibu lilikuwa ndiyo. Lifti haijali nani kabonyeza wala kwa nini. Nami nikajibu ndiyo, tena nikaongeza kwamba tungeweka kizuizi cha dakika tano. Akafunga daftari lake polepole. Nilikuwa nimeshaandika mfumo wa kuzuia malipo kujirudia kwa mikono yangu na nilijua jibu sahihi, lakini pale nilikuwa nautetea mfano, nikausahau mfumo. Kutambua ombi lililorudiwa, mfumo haulinganishi kiasi wala mita. Unalinganisha ufunguo, yaani namba ya utambulisho iliyokuja na ombi, na kwenye lifti hakuna mahali pa kuuweka ufunguo huo.

2. Tafuteni mfano wenye namba ndani yake. Meneja wa fedha anaijua hati ya malipo. Mwambieni hivi: ofisi inatuma hati namba 418 kwa keshia, tarishi harudi, hatujui kama imelipwa. Tunatuma nakala yenye namba ile ile, 418. Keshia anafungua daftari. Kama 418 imeshalipwa, halipi tena, anarudisha nakala ya risiti ya kwanza. Mteja akinunua mara ya pili kwa hiari yake, hiyo ni hati 419, na inalipwa hata kama kiasi ni kile kile. Kwetu sisi namba hiyo ni hii:

```
POST /malipo
Idempotency-Key: 418
```

Mfano huu unawaonyesha hata ninyi kosa ninalokutana nalo kila mara kwenye kazi zenu: kutengeneza UUID mpya, yaani ufunguo mpya, ndani ya kitanzi cha kurudia ombi. Hapo mmetuma 418, kisha 419, kisha 420 kwa ununuzi mmoja, na keshia atalipa zote bila kosa lolote. Namba inatolewa mara moja tu, mteja anapothibitisha ununuzi, na inabaki hiyo hiyo hadi jibu lipatikane.

3. Semeni mfano unapoishia kabla meneja hajauliza. Keshia wa kwenye mfano ni mmoja, seva zetu ni nyingi. Makeshia wawili wakipokea nakala mbili za 418 kwa wakati mmoja, kila mmoja atatazama daftari, ataliona tupu, na wote watalipa. Kwa hiyo namba inaandikwa kwanza, malipo baadaye, na daftari lenyewe ndilo linalokataa namba kujirudia. Kwenye kanzidata hilo ni sharti la `UNIQUE`, si `SELECT` ikifuatiwa na `INSERT`. Na keshia akizimia baada ya kuandika lakini kabla ya kulipa? Namba inabaki "inasubiri", na anayemfuata hatakiwi kukisia. Anauliza kwanza kwa mtoa huduma kama pesa ilitoka. Sentensi hizi mbili tatu mseme wenyewe, kwa sauti ya kawaida.

4. Muulizeni meneja anafanya kazi gani kabla ya kuchagua mfano.

5. Kueleweka kunajulikana kwa swali. Akiitikia kwa kichwa tu, bado. Baada ya usaili nilimweleza yule meneja wa fedha habari ya hati, akanyamaza, akauliza: "Na 418 ikirudi ikiwa na kiasi tofauti?" Keshia anaikataa na kupiga simu ofisini, seva nayo inapaswa kurudisha kosa, si risiti ya zamani. Nikafungua kodi yetu kuhakikisha. Tulikuwa tunarudisha risiti ya zamani. Tumeirekebisha Jumatatu.