Ajenda ya kikao kwenye jedwali: muda, mwasilishaji na mhusika

*"Habari wakuu. Nimepewa ajenda ya kikao cha bodi ya SACCOS yetu, ni orodha tu ya namba 1 hadi 9. Mwenyekiti anataka iwe kwenye jedwali lenye muda, mwasilishaji na mhusika. Nikijaribu kwenye Word mistari inaruka ovyo, na muda sijui niugaweje. Msaada tafadhali."*

Salama mkuu. Nimeandaa makabrasha ya vikao vya bodi ya ushirika wa akiba na mikopo kwa miaka kadhaa, na kazi hii nimeifanya kila robo mwaka. Nianze na jambo ambalo Word haiwezi kukusaidia, yaani tofauti ya mwasilishaji na mhusika, kwa sababu ukilikosea hilo jedwali litapendeza machoni lakini halitafanya kazi.

Mwasilishaji ni yule atakayesimama kikaoni kuisoma hoja na kujibu maswali. Kazi yake inaisha dakika zake zikiisha. Mhusika ni yule atakayebaki na jambo mkononi baada ya kikao, ndiye atakayeulizwa kikao kijacho limefikia wapi. Mara nyingine ni mtu mmoja, lakini mara nyingi sivyo. Chukua mikopo chechefu. Taarifa inaweza kusomwa na meneja kwa kuwa ndiye anayeingia kwenye bodi, ila anayewafuata wadaiwa na wadhamini wao ni afisa mikopo. Basi kwenye mwasilishaji andika Meneja, kwenye mhusika andika Afisa Mikopo.

Kosa nililowahi kufanya mimi ni kujaza "Menejimenti" kwenye safu ya mhusika karibu mistari yote. Kikao kilichofuata tulipofika kwenye yatokanayo, mwenyekiti aliuliza barua za wadhamini zimetumwa lini. Mhasibu akamtazama afisa mikopo, afisa mikopo akamtazama meneja. Barua hazikuwa zimeandikwa, na miezi mitatu ilikuwa imepita. Tangu hapo kila mstari unaohitaji utekelezaji naweka cheo kimoja tu. Kama kazi ni ya kamati, naandika "Mwenyekiti, Kamati ya Mikopo", siandiki kamati nzima. Na mstari usio na la kutekeleza, kama kufungua kikao, weka kistari. Usijaze jina kwa ajili ya kujaza.

Sasa muda. Usigawe dakika sawa kwa kila ajenda. Pitia orodha ukijiuliza kwa kila namba: hapa wajumbe wanapokea taarifa tu, au wanatakiwa kuamua? Penye uamuzi ndipo penye mjadala, na ndipo dakika ziende. Ajenda nyingine ya kuiangalia kwa makini ni yatokanayo na kikao kilichopita. Kwenye orodha inaonekana mstari mmoja, lakini ndani yake inaweza kuwa na mambo saba. Fungua muhtasari uliopita, hesabu mambo ambayo bado hayajafungwa, kisha kila moja lipe kama dakika tano. Mambo matano ni dakika 25. Ukiiandikia dakika kumi kwa mazoea, utachelewa kabla hata ya chai na ratiba yote ya chini itakuwa haina maana.

Tuseme kikao chako kinaanza saa 3:00 asubuhi na kinatakiwa kuisha saa 6:00 mchana, yaani dakika 180. Mimi ningekipanga hivi:

```
Na.|Muda|Ajenda|Mwasilishaji|Mhusika
1|3:00–3:05|Kufungua kikao|Mwenyekiti|-
2|3:05–3:10|Kuthibitisha ajenda|Katibu|-
3|3:10–3:25|Kuthibitisha muhtasari uliopita|Katibu|Katibu
4|3:25–3:50|Yatokanayo (mambo 5)|Katibu|Kama maazimio ya kikao kilichopita
5|3:50–4:20|Mapato na matumizi ya robo mwaka|Mhasibu|Mhasibu
-|4:20–4:40|Chai|-|-
6|4:40–5:20|Mikopo chechefu|Meneja|Afisa Mikopo
7|5:20–5:40|Ununuzi wa kompyuta|Meneja|Mhasibu
8|5:40–5:50|Mengineyo|Mwenyekiti|-
9|5:50–6:00|Kusoma maazimio na kufunga|Katibu, Mwenyekiti|Katibu
```

Angalia mambo mawili hapo. Chai ina mstari wake. Ukiiacha nje ya jedwali, dakika 20 zitatoka kwenye mikopo chechefu, ajenda ambayo ndiyo hasa iliyowaita watu. La pili, dakika kumi za mwisho si za kufunga tu. Katibu anasoma kila azimio pamoja na mhusika wake, na mhusika anakubali mbele ya wajumbe. Mengineyo nimeyapa dakika kumi kwa sababu anayetaka kuleta jambo anatakiwa kulitaja wakati wa kuthibitisha ajenda. Likiwa zito, lisogezwe kikao kijacho.

Saa usizihesabu kwa kichwa. Mwenyekiti akikwambia mchana wa kuamkia kikao kwamba yatokanayo iongezwe dakika kumi, itabidi ubadilishe kila mstari unaofuata, na ndipo zinapotokea ajenda mbili zenye saa moja. Tumia Excel. Safu A weka mwanzo, B weka dakika, C weka mwisho. A2 andika 3:00, kisha:

```
C2:  =A2+TIME(0,B2,0)
A3:  =C2
D2:  =TEXT(A2,"h:mm")&"–"&TEXT(C2,"h:mm")
```

Zivute kuelekea chini, nawe ubadilishe dakika tu, saa zitajipanga zenyewe. Safu ya D ndiyo unayoinakili kwenda Word. Kompyuta yako ikikataa mkato ndani ya fomula, weka nukta mkato badala yake, maana mashine nyingine zimewekwa hivyo.

Watu wengi hudhani saa zetu za Kiswahili zitaisumbua Excel. Kwa kikao cha mchana hazisumbui kabisa. Saa zetu zinapanda kutoka saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni bila kurudi nyuma, kwa hiyo 3:00 mpaka 6:00 au hata 10:30 zinajumlishika vizuri. Excel yenyewe inadhani ni alfajiri, lakini kwa mpangilio wa h:mm hilo halionekani kwenye karatasi. Ikikuonyesha AM pembeni ya A au C, bofya kulia, Format Cells, Custom, andika h:mm. Tatizo huja kikao kikivuka saa 12 jioni, kwa kuwa saa 1 usiku itaandikwa 13:00. Hapo rekebisha mwenyewe. Jambo la lazima ni kuandika juu ya jedwali "Saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana", na kwenye jedwali zima utumie mfumo huo huo. Kama kuna mgeni aliyezoea saa ya kuanzia usiku wa manane, jedwali lote liwe la 09:00 hadi 12:00. Ukichanganya mifumo miwili kwenye karatasi moja, kuna mtu atafika kikao kimeisha.

Tuje kwenye Word na hiyo mistari inayoruka. Sababu kubwa huwa ni alama zisizoonekana. Bonyeza kitufe cha ¶ kwenye Home uzione. Aliyeandika orodha yako huenda alibonyeza Shift na Enter pamoja ili kushuka mstari, na hapo utaona mshale uliopinda badala ya ¶. Kwa macho ni mistari miwili, kwa Word bado ni aya moja, kwa hiyo itaingia kwenye safu mlalo moja ya jedwali. Fungua Ctrl+H, kwenye Find what andika `^l` (ni herufi L ndogo), kwenye Replace with andika `^p`, kisha Replace All. Baadaye tafuta `^p^p` na uweke `^p`, urudie mpaka iseme hakuna tena, vinginevyo kila mstari mtupu utakuwa safu mlalo tupu.

Sababu ya pili ni namba zilizojiandika zenyewe. Zile si maandishi, ni mpangilio wa aya, na baada ya kugeuza zitang'ang'ania ndani ya kisanduku cha kwanza pamoja na ujongezaji wake. Nakili orodha yote, ibandike kwenye Notepad, kisha inakili tena kutoka huko kurudi Word. Namba zitakuwa maandishi ya kawaida unayoweza kuyatenganisha.

Ukishasafisha, tenganisha kila sehemu kwa alama ya | kama nilivyofanya hapo juu. Usitumie mkato, kwa sababu ajenda kama "Kusoma muhtasari, kuujadili na kuuthibitisha" itakatwa vipande viwili. Kistari nacho hakifai, kitagombana na saa. Chagua maandishi yote, nenda Insert, Table, Convert Text to Table. Kwenye Separate text at chagua Other, uandike |. Kabla ya kubofya OK tazama Number of columns. Inatakiwa iseme 5. Ikisema 6, kuna mstari wenye alama moja ya ziada. Bofya Cancel ukautafute, usijaribu kuunga visanduku baadaye. Chagua pia AutoFit to window ili jedwali lijae upana wa karatasi.

Jedwali likivuka ukurasa wa kwanza, weka kishale kwenye mstari wa vichwa, Layout, Repeat Header Rows. Ukibofya na vichwa visijirudie, fungua Table Properties uangalie Text wrapping. Ikiwa Around, weka None. Kisha chagua jedwali zima, na humo humo kwenye Row ondoa tiki ya Allow row to break across pages ili ajenda isikatwe katikati, nusu juu nusu ukurasa unaofuata.

Tuma kwa wajumbe kama PDF, lakini faili la Word libaki kwako. Siku ya kikao ongeza safu mbili upande wa kulia, Azimio na Tarehe ya mwisho, uwe unazijaza wakati watu wanaongea. Kikao kikiisha, futa mistari yenye kistari kwenye mhusika. Kilichobaki ndicho jedwali la maazimio, na ndilo utakalolifungua tena robo ijayo ukihesabu mambo ya yatokanayo.