Mbia akitaka kutoka dukani: mkataba unasomwaje?

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Mimi na mwenzangu tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, miaka mitatu imetimia. Nilitoa milioni 18, yeye milioni 12, na yeye ndiye anayekaa dukani. Tuliandikiana kwamba faida ni nusu kwa nusu, mimi nipate laki 3 kila mwezi hata biashara ikiwa mbaya, maamuzi yote kwa makubaliano, na anayetoka arudishiwe mtaji wake kama alivyoutoa. Sasa anataka kutoka. Nikimpa milioni 12 zake nimemaliza? Na nikiingia na mtu mwingine tukafungua kampuni, katiba yake niitazame wapi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Hujamaliza, ndugu yangu. Sharti hilo la mwisho ndilo bovu kuliko yote, japo wengi huliona la kiungwana.

Lipime kwa pande mbili. Chukulia duka leo, baada ya madeni, lina thamani ya milioni 36. Ukimpa 12 akaondoka, wewe unabaki na 24, na lile ongezeko la milioni 6 umelibeba peke yako, hali jasho lake limo ndani. Sasa chukulia duka limeshuka hadi milioni 24. Akichukua 12 zake kamili, wewe uliyetoa 18 unabaki na 12, kwa hiyo hasara yote ya milioni 6 imekuangukia wewe. Hapo yeye hakuwa mbia, amegeuka mtu aliyekukopesha na kudhaminiwa fedha yake. Na kanuni ya hasara haina hitilafu baina ya madhehebu: hasara hugawanywa kwa kadiri ya mtaji. Katika hasara hiyo ya milioni 6, ya kwako ni 3.6 na ya kwake ni 2.4, hata kama mliandika kinyume. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema Waislamu wako katika masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu, kama alivyopokea Tirmidhi. Sahihi zenu mbili chini ya karatasi hazilihalalishi sharti hilo.

Basi mbia anayetoka hupewa thamani ya fungu lake siku anayotoka. Ugomvi mwingi unazaliwa katika kuipata thamani hiyo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Fungeni duka siku moja, mhesabu pamoja, na mtu wa tatu anayeijua biashara hiyo awepo. Kila bidhaa ipewe bei ya jumla ya leo. Msitumie bei mliyonunulia zamani, wala bei ya rejareja iliyobandikwa rafuni, kwa sababu faida ya kitu ambacho hakijauzwa bado haijapatikana. Nondo iliyonunuliwa mwaka juzi inahesabiwa kwa bei ambayo mwenye ghala angeitoza leo. Mfuko wa saruji ulioganda kwa unyevunyevu hauna bei, hata ukiwa bado umeshonwa mdomo. Makopo ya rangi yatikiseni moja moja, maana lililokauka huwa kimya.

Tuseme mzigo umefika milioni 31, fedha taslimu pamoja na iliyoko kwenye simu na benki ni 2.5, guta la kubebea mizigo ni 3. Wateja wanadaiwa milioni 6, lakini mkilipitia daftari jina kwa jina mnaona 1.5 ni za watu waliohama au wasioshikika, basi hesabuni 4.5 tu. Jumla ni 41. Toeni milioni 5 mnazodaiwa na wenye maghala, inabaki 36. Zile 1.5 msizisamehe kimyakimya. Andikeni kwamba zikilipwa baadaye, zitagawanywa kwa fungu lile lile.

Sasa msigawe hizo 36 moja kwa moja. Hapa ndipo watu hukosea. Faida yenu si milioni 6 zilizozidi juu ya mtaji wa 30, kwa sababu kila mmoja amekuwa akichota. Wewe kwa miezi 36 umechukua laki 3 kila mwezi, ambazo ni milioni 10.8. Tuseme daftari linaonyesha yeye amechukua 9. Faida ya kweli ya miaka mitatu ni 6, na 10.8, na 9, yaani 25.8. Nusu yake ni 12.9. Wewe umeshakula 10.8, unabakiwa na 2.1, yeye amekula 9, anabakiwa na 3.9. Ongeza mitaji: fungu lako ni milioni 20.1, lake ni milioni 15.9, na mbili hizo zinarudi kuwa 36. Kwa hesabu hiyo, ungempa 12 ungekuwa umezuia milioni 3.9 za mtu.

Nimetumia nusu kwa nusu kwa sababu ndivyo mlivyoandika, lakini mjue hitilafu iliyopo. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyo madhehebu ya watu wetu wa pwani, faida hufuata mtaji kama hasara, na kushurutisha vinginevyo kunaufisidi ushirika. Hanafi na Hanbali wameruhusu fungu la faida litofautiane na mtaji, hasa kwa anayefanya kazi. Hanafi waliweka mpaka wa busara, kwamba mbia aliyeshurutisha kutofanya kazi asizidishiwe faida juu ya kadiri ya mtaji wake. Wewe usiyekaa dukani una asilimia 60 ya mtaji na unapata 50 ya faida, kwa hiyo kwa kauli hiyo nusu yenu haina tatizo.

Tatizo ni laki 3. Kiasi kilichokatwa kwa mmoja hata biashara ikiwa mbaya kimekatazwa kwao wote, kwa kuwa mwezi ambao faida ni laki 2 unakuwa umekula mtaji wa mwenzako. Ni mfano wa alichosimulia Rafii bin Khadij katika Bukhari na Muslim: watu wa Madina walikodisha mashamba kwa sharti mazao ya upande fulani yawe ya mmoja wao, mara upande huu ukatoa na ule ukafa, wakakatazwa. Kwa hukumu kavu, sharti hili limeufisidi mkataba wenu, na kwa madhehebu ya Shafi marejeo ni faida kwa kadiri ya mitaji, kisha yeye akudai ujira wa mfano, yaani ule ambao angelipwa mtu mwingine wa kazi kama hiyo, kwa kazi aliyoifanya katika fungu lako. Kabla hujaikimbilia hesabu hiyo ukidhani itakufaa kwa kuwa una asilimia 60, ipige kwanza: hata kwa mshahara wa laki 2 tu kwa mwezi, mwenzako anapata zaidi ya nusu. Ninaloliona mimi ni mfanye sulhu. Zile laki 3 zihesabiwe kuwa ulichukua faida yako mapema, mkubaliane kwa ridhaa juu ya nusu kwa nusu kama nilivyopiga hapo juu, muandike na mashahidi watie sahihi. Mkataba mwingine ukiandika, sema kila mmoja aruhusiwe kuchukua kiasi fulani kwa mwezi "kwa hesabu ya faida", na mwisho wa mwaka kilichozidi kirudi.

Nije kwenye maamuzi. Kila mbia ni wakili wa mwenzake katika kununua na kuuza, lakini uwakala una mipaka. Katika madhehebu ya Shafi hauzi kwa mkopo wala kwa bei ya kutupa bila idhini, na akifanya hivyo anadhamini hasara yake. Huenda ukataka kumbebesha zile 1.5 zilizopotea kwa wateja. Lakini ikiwa ulikuwa ukiliona daftari la madeni kila mwezi na ukanyamaza, si haki kumgeuzia leo, kwani desturi mliyoiendesha wote inahesabiwa idhini. "Maamuzi yote kwa makubaliano" ni maneno mazuri yasiyosaidia kitu kwa wabia wawili, kwa sababu wakigombana hakuna wa tatu wa kuamua, na siku za kawaida hakuna anayepiga simu kuomba idhini ya kukopesha mabati kumi. Andikeni kiasi: hadi laki 5 anayekaa dukani aamue peke yake, zaidi ya hapo sahihi mbili. Mkopo kwa mteja usizidi kiasi fulani, na mkishindwana, mtu fulani kwa jina awe msuluhishi.

Mkataba usipotaja fungu, sheria ya nchi haitafuata fiqhi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inachukulia wabia wanagawana sawa, faida na hasara, hata mitaji ikiwa tofauti. Kwa hiyo sentensi ya "hasara kwa kadiri ya mtaji" iandikwe wazi.

Kampuni ni kitu kingine. Humo mtu hachomoi mtaji wake, anauza hisa. Katika katiba tafuta kwanza kifungu cha kuhamisha hisa. Mara nyingi wakurugenzi wanaruhusiwa kukataa kumsajili mnunuzi, na wanahisa waliomo hupewa nafasi ya kununua kwanza. Angalia kama imeandikwa nani anapanga bei. Ikiwa ni "thamani ya haki itakayokadiriwa na mkaguzi wa hesabu", vizuri. Ikiwa ni thamani iliyoandikwa juu ya hisa, umerudi kwenye sharti lile lile la milioni 12. Kisha tazama kura. Kwa hisa 60 kwa 40, mwenye 60 anapitisha peke yake azimio la kawaida, hata la kumwondoa mkurugenzi. Azimio maalumu, kama la kubadili katiba, linataka robo tatu ya kura, hivyo mwenye 40 anaweza kulizuia. Lakini kura hizo 40 hazimpatii gawio. Kampuni inaweza kupata faida miaka mitano bila kutangaza gawio, na mwenye hisa chache asiye na mshahara humo hana la kula. Kama wewe ndiye utakayekuwa na hisa chache, taka iandikwe kwamba sehemu fulani ya faida safi itagawiwa kila mwaka, baada ya hesabu kukaguliwa.

Kwa mwenzako wa sasa, hizo 15.9 ukishindwa kuzitoa mara moja, nunua fungu lake kwa awamu kwa bei moja iliyofungwa siku ya mkataba. Ukichelewa, isiongezeke hata shilingi. Umiliki wa jina la biashara huko BRELA ubadilishwe, na wenye maghala wote mnaowadai au wanaowadai wapelekewe barua siku hiyo hiyo, kwa sababu ghala lisilojua kwamba ametoka linaweza kumdai kwa mzigo utakaouchukua wewe kesho. Wallahu aalam.