Tiki moja kwenye nyumba ya mfano ilinila dola 8,000

*"Wadau wa Dallas, wakala katutumia imeili ya kutuelezea mkataba wa uwakilishi wa kipekee, anasema tusaini kabla hajatuonyesha nyumba. Miezi 6, kaunti za Dallas, Collin, Rockwall na Kaufman, asilimia 3 ya bei. Ameandika 'ni utaratibu tu, kwa kawaida muuzaji ndiye anayenilipa.' Tusaini? Halafu kwa anayenunua mara ya kwanza, mkopo wa FHA wenye bima ya serikali ni bora au mkopo wa kawaida? Na mkaguzi mzuri wa nyumba ni nani? Wakati tunasubiri majibu yenu, Jumamosi mimi na mume wangu tunapita wenyewe Forney kuangalia zile nyumba mpya."*

Dada, Forney msiende. Mengine yote tutaongea, lakini hiyo safari ya Jumamosi ifute kwanza, maana hapo hapo Forney ndipo nilipoachia pesa zangu, na nilikwenda siku ya Jumamosi, na nilikuwa na mke wangu, na tulisema vile vile kwamba "tunapita tu kuangalia."

Mkataba nilisaini Oktoba 2024. Nasema nilisaini, ila ukweli ni kwamba niliusugua kwa kidole kwenye simu nikiwa nimeegemea boneti ya gari nje ya kazi. Wanakutumia kiungo, unabonyeza kitufe cha njano, kinakurusha moja kwa moja hadi penye sahihi, unabonyeza tena kinakurusha sahihi inayofuata. Kurasa za katikati zinapita kama vituo ambavyo basi halisimami. Dakika mbili nimemaliza, nikajiona mjanja. Mimi niliyefaulu Kiswahili na Jiografia kidato cha sita.

Nilikuwa nimempigia kaka mmoja wa jumuiya yetu kabla ya kusaini, mtu ambaye kila harusi anakaa meza ya mbele, na ana nyumba mbili. Akacheka. "Bwana we, hiyo karatasi ya kawaida. Hapa Marekani mnunuzi halipi wakala, muuzaji ndiye analipa." Nyumba zake zote alinunua kabla ya Agosti 2024, na hilo hakuniambia. Mpaka leo nikimwona kwenye shughuli nabadilisha meza.

Basi, wakala alituonyesha nyumba kumi na moja, hakuna tuliyoipenda. Ikafika Februari, amekuwa kimya wiki tatu, nasi tumechoka. Jumamosi moja tunatoka kununua unga tukaona bendera za kampuni ya ujenzi, tukaingia kwenye nyumba ya mfano. Harufu ya biskuti, viyoyozi, dada mchangamfu anatupa chupa za maji. Akaniwekea kishikwambi nijaze jina, simu, na imeili. Swali la mwisho lilikuwa: una wakala? Nikaweka tiki kwenye hapana.

Sikuwa na nia ya kudanganya mtu. Akilini mwangu wakala alikuwa ameshatusahau, kwa hiyo hatuna. Yule dada akafurahi sana, akasema kwa kuwa tumekuja wenyewe watatupa dola 8,000 za gharama za kufunga mauzo na friji juu. Friji! Mke wangu akanikanyaga mguu, ishara ya kwamba tusiiache. Nyumba dola 338,000. Tukasaini, Aprili mwanzoni tukafunga, nikapiga picha na ufunguo, nikaweka statasi ya wasapu.

Wakala wangu yumo kwenye namba zangu. Statasi aliiona yeye wa tatu.

Wiki iliyofuata ikaja barua, si kutoka kwake, kutoka kwa ofisi yake. Asilimia 3 ya 338,000, yaani dola 10,140, kwa sababu nilinunua nyumba ndani ya eneo la mkataba na ndani ya muda wa mkataba. Nikapanda juu: hakunionyesha nyumba hiyo, hata barabara yake haijui! Nikampelekea mwanasheria. Akasoma dakika tano, akageuza ukurasa wa mwisho kwangu, akauliza, "Hii sahihi ni yako?"

Sasa sikiliza maana ya neno "kipekee," kwa sababu imeili ya wakala wako imelipitia kama mtu anayeruka dimbwi. Si kwamba yeye atakuhudumia wewe peke yako. Wateja wengine anao, na anaweza kumwonyesha mwingine nyumba ile ile unayoitaka wewe. Aliyefungwa ni wewe. Unaahidi kwamba nyumba yoyote utakayonunua katika kaunti hizo nne ndani ya miezi hiyo sita utaipata kupitia kwake, na kila muuzaji au wakala mwingine utakayekutana naye utamwambia kuwa tayari una mwakilishi. Ukinunua kwa njia nyingine, ada yake unadaiwa palepale. Haijalishi kama nyumba ni mpya ya kampuni, ni ya binamu yako, au ni ya jirani aliyebandika kibao mwenyewe. Na unayefunga naye mkataba ni ofisi, si yule kijana aliyekutumia imeili. Yeye akihama kazi kesho, deni linabaki na ofisi.

Na ule mstari wa "kwa kawaida muuzaji ndiye anayenilipa." Si uongo, na ndiyo maana unaua. Wauzaji wengi bado wanakubali kulipa. Lakini tangu tarehe 17 Agosti 2024, baada ya maafikiano ya kesi dhidi ya chama cha mawakala cha NAR, ile kamisheni ya wakala wa mnunuzi haitangazwi tena kwenye MLS, ile orodha ya nyumba zinazouzwa wanayotumia mawakala, na wakala lazima awe na mkataba wa maandishi na wewe kabla hajakuingiza kwenye nyumba, wenye kiasi kinachojulikana. Kwa hiyo muuzaji anaombwa, mara nyingi ndani ya ofa yenyewe, na ana haki ya kukataa. Akikubali asilimia 2 na mkataba wako unasema 3, hiyo moja iliyobaki ni yako. Kwa nyumba kama yangu ni dola 3,380. Nafuu iliyopo ni kwamba wakala haruhusiwi kupokea zaidi ya kilichoandikwa kwenye mkataba wenu, hata kama muuzaji ni mkarimu.

Kampuni za nyumba mpya nyingi huwa zinalipa wakala vizuri tu, ila zina sharti: wakala awe nawe siku ya kwanza, au awe amekuandikisha kabla hujafika. Ukishaweka jina lako pale kama mtu asiye na wakala, mlango umefungwa. Niliporudi kwa yule dada wa biskuti nikamwomba wamlipe, alinionyesha tiki yangu kwenye skrini. Zile 8,000 walizonipa na friji, ndizo pesa ambazo kumbe zingeenda kwa wakala. Walinirudishia changu mwenyewe kwa tabasamu, na friji yenyewe inakoroma.

Ndiyo maana nasema msiende hata kabla ya kusaini. Utasema bado hamjafungwa, ni kweli. Lakini mkiandika majina Jumamosi, halafu Jumatatu mkasaini na wakala, halafu Mei mkarudi kuinunua ile ile, kampuni itasema hamkuwa na wakala siku ya kwanza, na wakala atasema mmenunua ndani ya Kaufman, kaunti ambayo Forney imo. Mtalipa nyinyi. Na hiyo ada kwa kawaida haiingii kwenye mkopo, ni taslimu siku ya kufunga. Piga hesabu: malipo ya awali ya FHA ya asilimia 3.5 kwa nyumba yangu yalikuwa dola 11,830. Ongeza 10,140. Karibu mara mbili! Mimi bahati yangu barua ilikuja baada ya kufunga. Ingekuja kabla, na benki ikaona deni hilo, sijui kama ningepata nyumba.

Mwisho tulikaa kwenye usuluhishi, maana mkataba ulitaka hivyo kabla ya mahakama, wakapunguza hadi 8,000, nikalipa 2,000 kwa mwezi, miezi minne. Wali maharage. Mke wangu mpaka leo akitaka kunishinda hoja anasema neno moja tu: "Tiki."

Kanuni yangu ni moja na nitaiimba hadi mnichoke: mkataba ukiwa hai, usitaje jina lako kwenye mlango wa nyumba yoyote kabla hujamwandikia wakala. Ujumbe wa simu unatosha, "Jumamosi saa tano tunaenda mahali fulani, njoo au tuandikishe." Ukiwa umechoka naye, mwandikie. Akiwa kimya wiki tatu, mwandikie, na kama hajibu mwandikie bosi wa ofisi uombe mkataba uvunjwe, upate jibu kwa maandishi. Kimya chake hakivunji mkataba. Mimi nilidhani kinavunja, kama uchumba.

Usaini? Si kama ulivyo. Kiasi hicho hakijawekwa na sheria, kinajadiliwa, na mkataba wenyewe unapaswa kusema hivyo. Mrudishie imeili umwambie unataka siku 30 badala ya miezi 6, na kaunti moja mnayoitaka kweli badala ya nne. Akikuhudumia vizuri mtaongeza. Na muulize muda wa baada ya mkataba, kile kipengele kinachosema nyumba alizokuonyesha bado zina ada yake ukizinunua siku kadhaa baada ya mkataba kuisha. Taka akupe orodha ya nyumba hizo kwa maandishi. Halafu ongeza sentensi hii, isome vizuri mume wako naye aione:

*"Tunapenda kuona nyumba mpya za Forney. Tafadhali tuandikishe kwa kampuni kabla hatujafika, na utuandikie kama kampuni italipa ada yako yote au sehemu, na sisi tutabaki na kiasi gani."*

Akijibu, lirushe jibu lake hapa. Nipo macho, friji hainiachi nilale.