Retro inaisha, stika zinabaki ubaoni: tulivyobaki na badiliko moja

"Wakuu, timu yetu inafanya retro kila mwisho wa sprinti. Tunajaza stika ubao mzima, tunapiga picha, sprinti inayofuata malalamiko ni yale yale. Tuhamie mtindo gani?"

Mkuu, sisi tulikaa humo karibu miezi mitano. Tulikuwa watu 8 tukijenga programu ya mikopo ya simu, sprinti ya wiki mbili, na kila retro ilikuwa Anza, Acha, Endelea. Mtindo huo ni mwepesi na unaifaa timu changa, ila unamtaka mtu alete suluhisho kabla tatizo halijatazamwa. Anayeandika "tuanze kupima mapema" ameshatoa dawa, na mgonjwa hajapimwa. Siku moja nilihesabu maazimio 11 kwenye picha ya ubao. Hakuna hata moja lililokuwa limetekelezwa.

Tukahamia mstari wa siku. Unachora mstari wenye siku 10 za kazi, kisha kila tiketi unaiwekea alama tatu: siku ilipoanzwa, siku ilipopelekwa kukaguliwa, siku ilipofungwa. Tarehe tulizitoa kwenye historia ya tiketi ndani ya Jira, kwa sababu kumbukumbu za watu huelemea siku mbili za mwisho. Ilichukua kama dakika 20, na kwa muda huo hakuna aliyeruhusiwa kutoa maoni.

Tiketi zilikuwa 13, na 9 zilifungwa siku ya 9 na ya 10. Nyingi kati ya hizo kodi yake ilikuwa tayari tangu siku ya 5 au 6, zikakaa tu zikisubiri mkaguzi. Moja ilisubiri siku 4. Retro zote za nyuma tulikuwa tukiandika "muda wa kupima hautoshi", na lawama ikimwendea dada anayetupimia. Siku hiyo aliutazama ule mstari kwa muda, kisha akasema taratibu, "Kumbe kazi hainifikii." Hakuna aliyekuwa na la kujibu.

Tulipouliza kwa nini zinasubiri, zikatoka sababu mbili: wote tulikuwa tukimngoja mwenzetu mmoja mzoefu akague, na mabadiliko tuliyokuwa tukimletea yalikuwa makubwa mno kusomeka kwa mkao mmoja. Tulipiga kura, kila mtu nukta 3, tukachukua sababu ya kwanza peke yake. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na hali ikawa nzuri, hujui lipi limesaidia. Ikiharibika, hujui lipi ulirudishe.

Sasa hapa kwenye kuandika ndipo timu nyingi hupotea. "Tukague kodi mapema" ni nia njema, lakini siku ya retro huwezi kusema ilifanyika au haikufanyika. Sisi tuliandika hivi: "Kuanzia Jumatatu, saa 3:00 asubuhi kila developa anaanza na safu ya Inasubiri Ukaguzi. Hakuna anayeanza tiketi mpya mpaka safu iwe tupu. Yeyote anaruhusiwa kukagua. Kipimo: hakuna tiketi inayosubiri zaidi ya siku 1." Chini yake likawekwa jina la mtu mmoja wa kulifuatilia. Ikawa tiketi juu kabisa ya bodi ile ile ya kazi, na siku ya kupanga tukatoa tiketi moja ndogo ili kuipa nafasi. Mwongozo wa Skramu wa 2017 ulitaka angalau boresho moja liingie kwenye kazi za sprinti. Toleo la 2020 limeliacha kuwa hiari. Mimi nashikilia ule wa zamani.

Retro iliyofuata ilianza na maswali mawili tofauti: tulifanya? Ilisaidia? Tulifanya siku 8 kati ya 10, na hakuna tiketi iliyosubiri zaidi ya siku moja na nusu. Lakini hitilafu zilizomfikia mpimaji ziliongezeka, maana watu walikuwa wanaidhinisha haraka ili safu iishe. Ungeuliza swali la kwanza tu, ungeshangilia. Ndipo tukaichukua ile sababu ya pili: badiliko likizidi mistari 300 ya kodi, linagawanywa kabla ya kupelekwa. Hapo ndipo ukaguzi ukaanza kuwa wa kweli.

Jambo lililo nje ya uwezo wenu, mfano seva ya majaribio inayomilikiwa na idara nyingine, msiliweke kuwa badiliko la sprinti. Liandikeni kama ombi moja, mtu mmoja alipeleke kwa meneja, nanyi mchague kitu mnachoweza kukifanya Jumatatu bila ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo retro ijayo usilete mtindo mpya kwanza. Fungua picha ya retro iliyopita, chagueni lalamiko lililojirudia mara nyingi zaidi, mchore mstari wa siku kwa hilo tu.